Flow si dawa ya nozeli iliyolika

*"Nina printa ya 3D yenye nozeli ya shaba njano ya 0.4. Nimeshatumia kama gramu 700 za nailoni yenye nyuzi za kaboni. Mwanzoni ilichapa vizuri sana, ila sasa tabaka la juu lina mapengo, kona zimekuwa butu, na vinyweleo vya plastiki vimejaa kila mahali. Nimepandisha Flow kutoka asilimia 100 hadi 112, na Z offset nimeishusha kutoka -1.20 hadi -1.38 ili tabaka la kwanza lishike. Rafiki akaniambia ninunue nozeli ya stenlesi; muuzaji akanipa nyingine akisema ni ya chuma kigumu. Nimeifunga jana kwa mipangilio ileile, nyuzijoto 265. Kwanza ikakwaruza kitanda. Nilipoirekebisha, vipande vikaanza kuachana tabaka kwa tabaka, na plastiki inavuja juu ya nozeli. Je, nimeuziwa mbovu? Nirudi kwenye shaba?"*

Ndugu, nozeli hiyo mpya huenda ni nzima kabisa. Kilichokuponza ni kuifunga ndani ya mipangilio uliyokuwa ukiipinda kidogo kidogo ili ifae nozeli iliyokwisha. Zile namba mbili ulizozitaja, ya Z offset inayopanga kimo cha nozeli juu ya kitanda na ya Flow inayopanga kiasi cha plastiki inayosukumwa, zimeeleza karibu kila kitu, na ni vizuri tuzisome kabla hujatoa hela nyingine.

Anza na Z offset. Kutoka -1.20 hadi -1.38 ni tofauti ya milimita 0.18. Kama katika muda huo hukugusa skrubu za kitanda, hukubadilisha bamba la kuchapia wala kusogeza kihisi cha kitanda, basi kitanda hakijashuka popote. Ni nozeli iliyofupika. Ncha yake imesagwa karibu sehemu mbili za kumi za milimita, nawe ukawa unaishusha kuufuata mwanya. Ndiyo maana nozeli mpya, ambayo ina urefu wake kamili, ilikwenda moja kwa moja kukwaruza kitanda: ulikuwa umeiagiza printa ishuke hadi mahali palipofaa ile fupi. Nozeli za watengenezaji tofauti hupishana kidogo kwa urefu, kwa hiyo sitasema kukwaruza huko kote kumetokana na uchakavu. Lakini mteremko uliotokea ukiwa bado na nozeli ileile hauna maelezo mengine ya maana.

Wengi wakisikia nozeli "imelika" hufikiria tundu limepanuka, basi. Kweli linapanuka, lakini uharibifu mkubwa huanzia usoni mwa nozeli, ule uso mdogo bapa unaozunguka tundu. Nailoni yenyewe haina neno, ni laini. Ndani yake ndimo zilimo nyuzi zilizokatwakatwa, mara nyingi asilimia 15 hadi 20 ya uzito wa filamenti. Uzi mmoja wa kaboni una kipenyo cha mikromita 7 hivi, na kila mwisho uliokatwa una ukingo mkali. Plastiki iliyoyeyuka ikiwa bado ndani ya koni ya nozeli, nyuzi hizo hujipanga kufuata mkondo na kuteleza kando ya ukuta bila fujo kubwa. Taabu huanza mlangoni. Hapo mkondo ulikuwa unashuka wima, na ghafla unalazimika kugeuka kulala, katika mwanya wa milimita 0.2 tu kati ya nozeli na tabaka la chini. Nyuzi haziwezi kupinda upesi hivyo. Zinagonga ukingo wa tundu na kuula, mpaka ukingo uliokuwa mkali unakuwa wa mviringo.

Halafu kuna nje. Uso wa nozeli unapita juu ya plastiki iliyokwisha kulazwa, na plastiki hiyo ina nyuzi zilizochomoza. Kila mstari ni kipande cha msasa, na nozeli inasuguliwa juu yake maelfu ya mara kwa kazi moja. Hapa ndipo urefu unapopotea.

Sasa fikiria umbo la ndani. Tundu la 0.4 unaloliona chini si refu. Ni kipande kifupi kilichonyooka, mara nyingi chini ya milimita moja, na juu yake inaanza koni inayopanuka. Uso ukiendelea kusagwa, kipande hicho kinazidi kuwa kifupi. Kwa muda mrefu huoni tofauti kubwa, kwa sababu tundu bado ni lilelile. Siku uso utakapoifikia koni, tundu halipanuki tena polepole, linaruka. Ndiyo maana watu husema nozeli iliharibika "ghafla" katikati ya kazi ndefu, ilhali ilikuwa ikifa tangu roli ilipofunguliwa.

Tuje kwenye Flow, na hapa nina kosa la kusahihisha ambalo limeenea sana: kwamba tundu likipanuka plastiki hutoka nyingi, na kwamba ukiona mapengo basi plastiki inayotoka ni chache. Printa haipimi plastiki kwa tundu. Meno ya ekstruda yanasukuma urefu fulani wa filamenti, na kiasi kinachoingia juu ndicho kitakachotoka chini, tundu liwe 0.4 au 0.5. Tundu likipanuka, kinachobadilika ni shinikizo na umbo. Tuseme limetoka 0.4 likawa 0.5. Eneo lake limekuwa mara 1.56 ya lile la kwanza, na shinikizo linalohitajika kusukuma kiasi kilekile limeshuka karibu nusu. Nozeli yenye shinikizo dogo haishiki plastiki yake vizuri: inachuruzika wakati wa kuhama, na kurudisha filamenti nyuma hakukatizi mkondo kwa ukali. Hivyo ndivyo vinyweleo vyako vinavyozaliwa. Kona nazo huwa butu, kwa sababu Pressure Advance, ule mpangilio unaosawazisha shinikizo la nozeli mwendo unapobadilika, uliyoipima kwa nozeli mpya sasa inasahihisha shinikizo ambalo halipo tena.

Na mapengo ya tabaka la juu? Hayo ni kazi ya uso bapa. Nozeli nzima hukandamiza mstari, huulaza na kuubana ubavuni mwa mwenzake, kama pasi inavyopita juu ya nguo. Uso ukishakuwa wa mviringo, haukandamizi tena. Mstari unabaki umevimba katikati na kuacha mfereji pembeni. Ulipopandisha Flow hadi 112 uliujaza mfereji huo kwa plastiki ya ziada, na kwa macho ikaonekana umepona. Lakini plastiki ile ya ziada ililazimika kwenda mahali: kuta zilinenepa, matundu ya skrubu yakabana, na nozeli ikaanza kulima kwenye vilima vya tabaka la chini. Kulima huko ni msuguano zaidi, na msuguano zaidi ni kulika zaidi. Kwa maneno mengine, dawa iliongeza kasi ya ugonjwa.

Kabla hatujaihukumu shaba peke yake, kuna mshukiwa wa pili asiyeweza kupuuzwa. Roli iliyotumika gramu 700 imekaa wazi kwa muda, na nailoni hunyonya unyevu wa hewani kwa pupa. Nailoni yenye maji hutoa vinyweleo, uso wake huwa na vitundu, na tabaka zake hushikana vibaya. Dalili zinazofanana sana na za nozeli iliyolika. Kuzitofautisha si kazi ngumu. Unyevu una sauti: plastiki inapotoka utasikia mipasuko midogo, au utaona mvuke na vipovu. Tena unyevu haufupishi nozeli. Wewe una ushahidi wa urefu uliopotea, kwa hiyo kulika kupo bila shaka. Lakini kausha roli hiyo kwa nyuzijoto 80 kwa saa 8 hadi 12 kabla ya jaribio lolote, la sivyo utakuwa unapima vitu viwili kwa mara moja. Na ikitoka kwenye kikaushio isikae tena juu ya meza; chapa ikiwa ndani ya sanduku lililofungwa lenye punje za kunyonya unyevu.

Ukitaka kuthibitisha hali ya tundu lenyewe, kuna kipimo kisichohitaji kifaa zaidi ya kalipa. Usikifanye kwa nailoni ya kaboni. Tumia PLA ya kawaida, kwa sababu hutoka laini na kipimo chake hakiyumbi. Isafishe nailoni kwanza kwa kusukuma PLA nozeli ikiwa bado kwenye joto la nailoni mpaka itoke rangi ya PLA tupu, maana ukishusha joto mapema nailoni itaganda ndani na kuziba. Kisha teremsha joto hadi nyuzijoto 215, subiri mpaka lifike huko, inua nozeli juu mbali na kitanda, na utoe plastiki hewani polepole:

```
M109 S215
M83
G1 E10 F60
```

Acha uzi uning'inie wenyewe, usiuvute. Pima kipenyo cha sehemu ya chini kabisa, ile iliyotoka kwanza, kwa kuwa haikuvutwa na uzito wa chochote. Pima mahali kadhaa. Kipenyo hicho huwa kikubwa kidogo kuliko tundu, kwa sababu plastiki huvimba ikitoka kwenye kubanwa, kwa hiyo namba moja peke yake haina maana kubwa. Maana inakuja ukilinganisha: fanya kipimo hiki siku unapofunga nozeli mpya, andika namba, na urudie baadaye kwa PLA ileile na joto lilelile. Kama nozeli mpya ilikupa 0.45 na leo unapata 0.54, huna haja ya kubishana na mtu. Fanya vivyo hivyo kwa ile ya zamani kabla hujaitupa, na uiangalie uso wake kwa lenzi ya kukuzia. Ningetarajia uone pete bapa imetoweka na tundu limekuwa na mdomo wa tarumbeta, pengine upande mmoja umelika kuliko mwingine.

Kuhusu rafiki yako na stenlesi: nia njema, ushauri mbaya. Stenlesi haishiki kutu, na hiyo ndiyo sifa iliyoipa jina. Kutoshika kutu si ugumu. Kwa kipimo cha Vickers, shaba njano ya nozeli ina ugumu wa takriban 100 hadi 150, na stenlesi ya kawaida kama 200. Kioo, ambacho nacho hutiwa kama nyuzi kwenye filamenti nyingine, kiko juu ya 500. Kanuni ya jumla ya msuguano ni kwamba kinachokwaruza kikiwa kigumu kuliko kinachokwaruzwa kwa zaidi ya kiasi kidogo, uharibifu hukimbia. Tofauti hiyo ikitoweka au ikigeuka, uharibifu hushuka ghafla. Kupanda kutoka 150 hadi 200 mbele ya 500 hakukutoi kwenye eneo la hatari. Unapata nozeli inayolika polepole kidogo na inayopitisha joto vibaya zaidi kuliko zote. Kwa kazi hii sioni sababu ya kuinunua.

Chuma cha zana kilichotiwa ugumu hufika karibu 700. Hapo ndipo nyuzi zinapokuta mwenzao. Lakini sikia vizuri: kinapunguza kulika, hakikukomeshi, na kwa filamenti yenye nyuzi za kioo ugumu wa pande mbili umekaribiana, kwa hiyo nozeli itaendelea kupungua, ila kwa mwendo wa kilo nyingi badala ya sehemu ya roli moja. Tungsteni kabaidi inapita mara mbili ya ugumu wa kioo na inapitisha joto vizuri zaidi kuliko chuma hicho. Ubaya wake ni bei, na kwamba ni kama jiwe: ikigonga bamba la kitanda kwa nguvu inaweza kumeguka ncha. Zile za shaba zenye ncha ya kito cha rubi zina udhaifu huohuo wa kugongwa. Za shaba iliyopakwa nikeli, ambazo huonekana nyeupe na kuvutia, kwa kazi hii ni shaba tu. Upako unakwisha kwanza mahali palepale unapouhitaji.

Kwa hiyo kabla hujaendelea, jiridhishe kwamba ulichouziwa ni chuma kigumu kweli. Rangi nyeusi haithibitishi kitu, mtu yeyote anaweza kupaka. Ipeleke sumaku: stenlesi nyingi za kuchongwa nozeli hazivutwi au zinavutwa kwa unyonge, wakati chuma cha zana kinanata. Hilo linaondoa stenlesi tu, kwa sababu chuma laini nacho kinanata. Kipimo cha pili ndicho chenye uamuzi. Chukua tupa ndogo kali na ukwaruze pembeni, kwenye kichwa cha pembe sita kinachoshikwa na spana, mbali kabisa na ncha. Chuma kigumu kitaifanya tupa iteleze na kulia bila kung'oa kitu. Tupa ikizama na kuacha mfereji unaong'aa, umeuziwa chuma cha kawaida, na una haki ya kurudi kwa muuzaji.

Tuseme imefaulu. Tunaanza na uvujaji, kwa sababu ukiuacha utakula kichwa kizima.

Nozeli haizibi kwa kukaza kichwa chake dhidi ya kitofali cha joto. Inaziba pale juu, ndani, inapogusana na mrija mwembamba unaotenganisha sehemu ya joto na ya baridi. Kama kichwa cha pembe sita kimelala kabisa kwenye kitofali, hujui kama nozeli imeufikia mrija ule. Lazima ibaki nafasi ndogo kama nusu milimita inayoonekana. Vichwa vya kisasa ambavyo nozeli na mrija ni kitu kimoja havina suala hili, lakini kama chako kingekuwa hivyo kisingevuja mahali ulipotaja.

La pili ni kutanuka. Alumini ya kitofali hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma, na shaba njano iko kati, karibu zaidi na alumini. Kwa urefu wa milimita 10, kutoka joto la chumbani hadi nyuzijoto 265, kitofali kinaizidi nozeli ya chuma kwa karibu milimita 0.03, shaba kingeizidi kwa 0.01 tu. Ni namba ndogo, lakini nailoni iliyoyeyuka ni nyepesi na inapita kwenye mwanya mdogo zaidi ya huo. Ukaza wa baridi uliokutosheleza kwa shaba haukutoshi kwa chuma. Pasha kichwa joto la nyuzijoto 10 hadi 20 juu ya lile utakalochapia, kama kichwa chako kinaruhusu, shika kitofali kwa spana moja kisizunguke na kukata nyaya, kisha kaza nozeli kwa spana fupi kwa nguvu ya kiganja. Usitumie nguvu ya bega. Meno ya kitofali ni alumini, nozeli ni chuma kigumu, na wakishindana unajua nani atashindwa.

Hapo kuna jambo la kukagua palepale. Baadhi ya printa zina mrija wa tefloni unaoshuka mpaka kuigusa nozeli. Tefloni haistahili kukaa kwenye joto linalozidi nyuzijoto 240 hivi. Huanza kulegea, na ukizidi kuipandisha hutoa mvuke wenye madhara kwa mapafu. Umekuwa ukichapa kwa 265. Kama kichwa chako ni cha aina hiyo, simama hapo mpaka uweke kichwa cha chuma kitupu. Nozeli bora haitakusaidia chochote ikiwa mrija ulio juu yake unaungua.

Sasa kuachana kwa tabaka. Chuma kilichotiwa ugumu kinapitisha joto kiasi cha robo tu ya shaba njano, wakati mwingine chini ya hapo. Kihisi cha joto kimekaa kwenye kitofali, si nchani mwa nozeli. Skrini inasema 265, na kitofali kweli kiko 265. Plastiki inayopita kwa kasi nchani haijafika huko. Inatoka ikiwa baridi kuliko ulivyozoea, inalala juu ya tabaka la chini bila kuyeyushana nalo, na kipande kinapasuka kwenye tabaka ukikipinda. Hakuna kilichoharibika. Panda nyuzijoto 5 kwa hatua, kutoka 265 hadi 275 au 280, mradi usivuke kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye roli yako, na punguza mwendo kwa robo hivi mpaka uone matokeo. Ninapendelea kupunguza mwendo kwanza kuliko kupandisha joto, kwa sababu joto linaleta vinyweleo vyake. Feni ya kupoza kipande iwe imezimwa au chini sana. Nailoni haiitaki, isipokuwa kwenye madaraja, yaani sehemu zinazochapwa zikivuka hewani.

Printa yenye mfumo wa Marlin itashukuru pia ukiifundisha upya kudhibiti joto baada ya kubadilisha chuma cha nozeli:

```
M303 E0 S275 C8 U1
M500
```

Kisha futa historia. Flow irudi 100. Z offset ianze upya, nozeli ikiwa ya moto na safi, kwa karatasi au kwa tabaka la kwanza la majaribio; na andika namba utakayoipata, kwa sababu ndiyo alama ya kuzaliwa ya nozeli hii. Pressure Advance ipimwe upya. Kama baada ya hapo bado utahitaji Flow ya 102 au 98, sawa, huo ni usahihishaji wa kawaida wa filamenti. Ukijikuta unapanda tena kuelekea 108, usipande. Pima.

Tahadhari moja kwa wenye printa zinazopima kitanda kwa kukigusa na nozeli yenyewe: kwenu Z offset haitasogea nozeli inapofupika, maana printa inajirekebisha kila mara. Mmepoteza kipimo hicho cha bure, na itabidi mtegemee uzi wa hewani na lenzi.

Umeuliza kama urudi kwenye shaba, na jibu la haki ni kwamba si kosa la kipumbavu kama wengine wanavyosema. Shaba ni rahisi kununua na inapitisha joto vizuri kupita chuma. Mtu anayechapa vipande viwili vidogo vya nailoni ya kaboni kwa mwaka anaweza kuitumia kama kitu cha kutupa, akaweka mpya kila kazi na akaishi kwa amani. Tatizo ni kazi ndefu: nozeli inayobadilika katikati ya kipande hukupa kipande chenye vipimo viwili, chini sahihi na juu si sahihi, na hakuna mpangilio unaoweza kulirekebisha hilo. Wewe umetumia gramu 700, kwa hiyo umeshavuka mpaka huo. Baki na chuma kigumu. Shaba mpya itunze kwa PLA na PETG zisizo na nyuzi, ila kumbuka kwamba filamenti inayong'aa gizani ni adui vilevile. Unga wake wa strontiamu aluminati ni mgumu na unaila shaba kama kaboni inavyoila.

Ukinunua nyingine baadaye, chukua ya 0.6. Nyuzi zinapita kwa nafasi, kuziba kunapungua, na kulika kulekule kuna uzito mdogo: milimita 0.05 ikiongezeka kwenye 0.4 inaongeza eneo la tundu kwa asilimia 27, lakini kwenye 0.6 ni asilimia 17. Vipande vya nailoni ya kaboni mara nyingi ni mabano, vishikio na maganda ya mashine. Ni nadra vikahitaji maandishi madogo. Kwa mpangilio wa ndani, epuka mtindo wa gridi ambao mistari yake inakatana kwenye tabaka lilelile, kwa kuwa kila makutano ni kilima ambacho nozeli inakigonga. Gyroid haina makutano hayo.

Usisahau kwamba filamenti inakwaruza kila inapopita, hata kabla ya kuyeyuka. Meno ya ekstruda yakiwa ya shaba yatabutuka, nawe utaona unga mweusi uliochanganyika na vumbi la manjano chini yake. Yabadilishe kwa ya chuma. Mrija wa kuongozea filamenti hukatwa mfereji kwenye kila pindo. Hivi vinakufa polepole, lakini kumbuka kuviangalia, kwa sababu meno yaliyobutuka yanateleza, na kuteleza ndiko kunakoleta upungufu wa kweli wa plastiki, ule ambao Flow haiwezi kuujaza.

Kipimo cha muda wa kubadilisha nisingekupa kwa saa. Andika gramu, kwa sababu slaisa, ile programu inayoiandalia printa kazi, inakuambia kila kazi inatumia gramu ngapi. Kila nusu kilo ya filamenti yenye nyuzi, rudia uzi wa hewani na ulinganishe Z offset na ile alama ya kuzaliwa. Kwangu, ikiteremka 0.1 au uzi ukinenepa kwa 0.04, nozeli hiyo inahamia kwenye kazi zisizohitaji usahihi.

Kuna mahali pa kuacha kufanya mwenyewe. Kama plastiki iliyovuja imekwisha kufunika kitofali na kumeza nyaya za kihisi au za kipashio, usiibandue kwa koleo. Nyaya za kihisi ni nyembamba sana na zikikatika nusunusu printa inaweza kusoma joto la uongo. Vivyo hivyo kama nozeli imegoma kufunguka hata ikiwa moto, au unahisi meno ya kitofali yanateleza ukikaza: mpelekee fundi anayefungua vichwa vya printa kila siku, akikague kichwa hicho kwa macho yake, na kitofali kipya mara nyingi ni nafuu kuliko kukipigania. Na kipande chochote ambacho kikivunjika kitaumiza mtu, mathalani kishikio cha kubeba uzito juu ya vichwa vya watu, kisitoke kwenye mipangilio yako ya wiki hii bila mhandisi kukipima.

Vipande ulivyochapa kwa nozeli ile iliyokwisha vishike kwa glovu, hasa ukitaka kuvikata au kuvilainisha. Nyuzi zilizochomoza huingia kwenye ngozi na kuwasha kwa siku nzima. Piga msasa wa maji badala ya mkavu, uvae barakoa ya vumbi na miwani. Uzi ukiingia jichoni, usisugue, suuza kwa maji mengi na uende kwa daktari.